Sahihi ya Sifuri

Mwanamke huyu jina lake lipo, tena zuri tu, ila halina kazi siku hizi. Mtaa mzima unamwita Mama Risiti, na ukimwita kwa lile la kwenye kitambulisho hageuki. Ni mratibu wa mradi mdogo unaohudumia wazee wanaoishi peke yao. Watu wa kujitolea wanapita majumbani asubuhi, wanakoroga uji, wanateka maji, wanahakikisha dawa ya presha imemezwa na si kutemwa nyuma ya kitanda, na siku ya kliniki wanamsindikiza mzee mpaka kwa daktari. Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, na ukikaa humo tangu asubuhi, mchana unashuka ngazi umeshika ukuta, harufu imekulevya. Humo ndimo anamoishi Mama Risiti. Nyumbani anakwenda kulala tu.

Jina alilipata kihalali. Siku moja mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja wa bashasha ambaye tumbo lake huingia mlangoni kwanza, alimnunulia mgeni soda kwa hela ya ofisi. Mama Risiti akamdai risiti. Mwenyekiti akasema yule muuza soda ana meza na kiti tu, risiti atoe wapi? Mama Risiti hakubishana. Alishuka ngazi, akarudi na kipande cha katoni kilichoandikwa "soda moja, baridi," na chini yake dole gumba la muuzaji. Mtu kama huyo utamfanya nini? Utampenda, au utahama mtaa.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia. Mwanzoni kila mtu wa kujitolea alikuwa akipewa kihela kidogo mwisho wa mwezi, sawa kwa wote, kikiitwa nauli. Hakuna aliyelalamika. Siku moja akaja afisa wa mfadhili kukagua, binti mpole mwenye miwani, anayeuliza maswali kwa sauti ya kukubembeleza huku anakumaliza.

"Huyu hapa anapanda gari gani kwenda kwa mzee wake?" akauliza.

"Huyo hapandi. Anaishi mlango wa pili," akajibu Mama Risiti.

"Basi dada, hii si nauli. Huu ni mshahara umevalishwa kofia."

Akamweleza taratibu. Mtu wa kujitolea halipwi mshahara, kwa sababu ukimlipa mshahara amekuwa mwajiriwa, na mwajiriwa ana mkataba, kodi, likizo na kesi. Anachorudishiwa ni gharama aliyoitoa kweli, na iwe na ushahidi. Tena fungu zima la watu wa kujitolea lisivuke asilimia kumi na tano ya bajeti, maana wafadhili hawataki mradi unaokula wenyewe kabla ya mzee kuonja.

Mama Risiti aliona aibu, jamani! Yeye, anayefuata risiti ya soda, kukutwa na kasoro! Usiku ule hakula. Kesho yake akabandika tangazo ukutani: anayepanda gari atarudishiwa nauli aliyolipa, ataje njia aliyopita na atie sahihi. Anayetembea kwa miguu, sifuri. Na kwa vile wakaguzi wa hesabu hawapendi nafasi tupu, hata mwenye sifuri atapanga foleni na atatia sahihi kwamba amepokea sifuri. Alilisoma tangazo lake mara mbili akaridhika. Lilikuwa limenyooka kama rula.

Miongoni mwa watembea kwa miguu alikuwemo fundi cherehani mmoja, mwanamke wa makamo, mwenye vicheko vingi na sindano kwenye kola ya gauni. Mzee aliyekuwa akimhudumia ni Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa, nikwambie mapema, ni mama mzazi wa Mama Risiti. Mratibu wetu alishalitamka hilo kikaoni, likaandikwa kwenye muhtasari, maana hakutaka mtu aje kumwambia anapendelea kwao. Bi Mkubwa alikuwa amegoma kuhamia kwa mwanawe ng'ambo ya mji. Nyumba yake na ya Fundi zinatumia ukuta mmoja. Ukipiga chafya huku, unaombewa afya kule.

Basi likapita tangazo, ukapita mwezi, ukapita wa pili, ukapita na wa tatu. Jumapili moja Mama Risiti akaenda kumsalimia mama yake, akamkuta amekonda mashavu, na kwenye ukingo wa dirisha vidonge vya presha vimepangwa mstari kama shanga.

"Shikamoo mama. Hivi vidonge vinafanya nini hapa?"

"Marahaba. Vinaota jua," akasema Bi Mkubwa.

"Mama! Fundi hakupi dawa?"

"Fundi gani? Fundi umemhamisha. Umeniletea kinyozi."

Mama Risiti macho yakamtoka pima. Kinyozi alimjua vizuri, ni kijana wa kujitolea kutoka mtaa wa stesheni, mcheshi, mwenye moyo, lakini kazi yake ilikuwa wazee wa kule kule stesheni. Kumbe amekuja huku kufuata nini?

"Dume zima linanikorogea uji," Bi Mkubwa akaendelea, na hapo ndipo aliposhika kasi. "Uji una mabonge, unautafuna. Akimaliza anakaa ananisimulia mpira. Juzi ameniangalia kichwani akasema, bibi, hizi nywele nikikupunguza pembeni utapendeza. Mimi! Babako miaka yote hakuwahi kunigusa nywele! Na anafika jua limeshapanda, maana njiani kuna foleni. Dawa hiyo naimeza na nini, na hasira? Nirudishie Fundi wangu."

"Mama, mimi siwezi tu kuamka nikasema Fundi arudi kwako. Watu watasema nakupendelea."

"Basi nitakufa kwa haki," akasema Bi Mkubwa, akajifunika khanga.

Ulimi wa mzee huyo! Lakini Mama Risiti hakucheka. Alivisogeza vile vidonge vikaingia kiganjani. Presha haina mchezo na mtu wa umri ule.

Jumatatu alfajiri akaenda kusimama kituo kikubwa cha mabasi, pale njia ya juu na ya chini zinapokutana, akajibanza kando ya kibanda cha magazeti. Hakukaa sana. Basi la kutoka stesheni likasimama, akashuka Kinyozi na watu wa kujitolea wengine wa kule. Hapo hapo likasimama basi la kutoka juu, kwa kina Bi Mkubwa, wakashuka wa kule, na katikati yao Fundi, sindano kolani, mkoba begani. Wakapeana mikono. Wakaulizana hali za nyumbani. Mmoja akamkabidhi mwenzake kopo la sukari alilosahau jana. Kisha wa juu wakapanda basi la kwenda chini, stesheni, wa chini wakapanda la kwenda juu, wakapungiana mikono madirishani.

Mama Risiti akapiga hesabu pale pale. Mradi wake ulikuwa unawalipia watu wapishane! Na hakuna aliyedanganya, hilo ndilo lililomuuma. Nauli ilikuwa ya kweli, gari la kweli, njia ya kweli, sahihi ya kweli. Umesema anayetembea apate sifuri, na watu wana akili zao, wakaacha kutembea. Fungu la nauli lililopangiwa mwaka mzima lilikuwa limebaki mifupa, na yeye, aliyehakiki sahihi na namba bila kusoma njia, alidhani mafuta yamepanda bei.

Akapanda ngazi za ofisini akihema. Mwenyekiti alikuwa ndani anakunywa chai.

"Mwenyekiti, nani aliwaruhusu wabadilishane wazee?"

"Mimi," akasema mwenyekiti kwa furaha. "Waliniomba. Nikaona ni jambo zuri sana, tunaliita kubadilishana uzoefu. Nimeshaliandika kwenye ripoti ya mfadhili, kwenye mafanikio."

"Kwenye mafanikio!"

"Ukurasa wa mbele."

Mama Risiti akakaa. Mwenyekiti akamsogezea chai, kwa wema tu, na yeye akaiangalia ile chai akiwaza kama ina risiti.

Jioni akapiga moyo konde, akaenda kwa Fundi. Njiani alikuwa amejipangia maneno: angemweleza habari za bajeti, angemweleza habari za Bi Mkubwa kama mteja mwingine yeyote, asioneshe machozi. Akamkuta anashona pindo la sketi ya shule.

"Karibu Mama Risiti. Umekuja na fomu?"

"Nimekuja mikono mitupu, dada yangu. Mama hali dawa."

Fundi akasimamisha mguu, cherehani ikanyamaza. "Hali dawa? Tangu lini?"

"Tangu umwache. Nauli ya stesheni ni nzuri, najua, silaumu mtu. Lakini..."

"Ngoja," akasema Fundi, na kicheko hakikuwepo. "Wewe unafikiri nimemwacha Bi Mkubwa kwa ajili ya nauli? Hiyo nauli inaishia kwenye basi, napewa nilichotoa, sibaki hata na ya kibiriti. Mimi nilikuwa napita kwa mama yako kabla mradi wenu haujazaliwa. Nani alinilipa? Ukuta ni mmoja, nikisikia kikohozi naamka. Mkaja nyinyi na tisheti, mkaniandika, nikasema sawa. Kihela chenu cha mwanzo nilinunulia sabuni ya kumfulia yeye yeye. Halafu ukabandika tangazo. Nikapanga foleni, mbele ya watu, mwenzangu wa mbele anahesabu noti, wa nyuma anasubiri zake, na mimi unanipa kalamu nitie sahihi ya sifuri. Mwezi wa kwanza nikatia. Wa pili nikatia, mtu akacheka nyuma yangu. Nikasema basi, nami nitapanda gari kama watu, angalau mbele ya jina langu pawe na namba. Usingenipa kitu ningenyamaza, Mama Risiti. Lakini uliniandikia sifuri, ukaniambia nikubali kwa mkono wangu."

Mama Risiti yale maneno yote aliyojipangia yakamwishia. Alijaribu kusema "wakaguzi wanataka," akaona haya kuyamaliza. Alilia, ndiyo, pale pale juu ya vitambaa, na Fundi akamsukumia kipande cha pamba ajifute, akamwonya asijifute na ile sketi, ni ya mtu.

"Kesho asubuhi nitampa dawa," akasema Fundi, "kisha nitapanda basi niende stesheni. Kule nako kuna mzee ananisubiri, siwezi kumwacha hewani. Lakini hili jambo lako ulitengeneze. Tena si kwa ajili yangu peke yangu, maana ukinirudisha mimi tu watasema ni kwa sababu ya mama yako, na watakuwa sahihi."

Kesho yake Mama Risiti akampigia simu yule afisa mwenye miwani. Alimweleza yote bila kuficha, hadi watu kupungiana mikono madirishani. Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu anayejaribu kutocheka na kushindwa.

"Dada," afisa akasema alipopata pumzi, "nani alikwambia gharama ni nauli tu?"

"Si ulisema gharama ya kweli?"

"Kweli, ndiyo. Anayetembea hali mchana? Hapigi simu kliniki? Viatu vyake haviishi? Sabuni anatoa wapi? Kaa na watu wako, pigeni hesabu kwa kawaida mtu mmoja anatoa nini kwa siku ya kazi, mchukue bei za dukani, mpate kiwango kimoja. Kikiwa cha gharama, si cha kumnufaisha mtu, na kikatumika kwa wote sawa, naweza kukipitisha. Mnifafanulie mlivyokipata, mniandikie, na msilipe mpaka niwajibu kwa maandishi. Na hakirudi nyuma, miezi iliyopita imepita."

"Na asilimia kumi na tano?"

"Ipo pale pale. Na baada ya mwaka ujao sisi hatupo. Nataka kusoma pia mtafanya nini siku hiyo, kwa sababu nimeona miradi mingi inakufa wiki ile ile posho inapokatika."

Kikao kikaitwa, kelele zikafika duka la rangi. Kinyozi alisema wa mbali wataumia, kiwango kimoja hakitamtosha anayepanda magari mawili. Mama Risiti akasema hakuna atakayepanda magari mawili, kila mtu anarudi kwa wazee wa mtaa wake, na yule mzee mmoja tu anayeishi mlimani, ambako hakuna mtu wa kujitolea, nauli ya kwake italipwa pembeni kwa ushahidi. Wakapiga hesabu ya chakula, simu, sabuni na viatu. Kwenye viatu walibishana mpaka mtu akavua chake akakiweka mezani. Kiwango kikapatikana, lakini ukikizidisha kwa watu wote kilikuwa kinavuka ile asilimia.

"Tukipunguze," akasema mmoja.

"Kwanza tuangalie nauli iliyotupanda kichwani," akasema Mama Risiti. "Hiyo inashuka, watu wakirudi kwao. Halafu siku za kazi. Kila mzee anapitiwa siku sita, na baadhi wana watoto hapa mjini wanaopumzika mwisho wa wiki. Hao tuwaachie Jumamosi." Hapo hesabu ikaingia ndani ya mstari, kwa kubanwa.

Ikabaki habari ya siku ambayo mfadhili hayupo. Mwenyekiti akasimama, akashika tumbo, akasema familia za wazee zichangie, kidogo kidogo, kuanzia sasa, iwe msingi wa mradi kusimama wenyewe. Mwaka huu fungu kubwa la mfadhili na dogo la familia, mwaka ujao nusu kwa nusu, na mwenye familia isiyo na uwezo abebwe na wengine. Watu wakamshangaa, mtu wa chai kumbe ana maneno. Ila akaongeza kwamba wengi watagoma, kwa sababu wameshazoea bure.

"Waanze wenye mradi," akasema Fundi kutoka nyuma, polepole, huku anachomoa uzi kwenye mkono wa gauni. "Mwenye mama kwenye mradi atangulie kutoa, wengine wataona haya kugoma."

Kila mtu akageuka kumwangalia Mama Risiti. Aibu ikamchoma mpaka masikioni, akafungua mkoba wake, akaweka mchango wa mwezi wa kwanza mezani, kisha akamgeukia mwenyekiti akanyoosha mkono: "Risiti." Kikao kilivunjika mbavu. Mwenyekiti alimwandikia kwenye kipande cha katoni.

Na ile foleni? Mama Risiti aliifuta. Ushahidi ulibaki, maana bila sahihi hela ya watu haiendi, ila sasa kila mtu anaitwa kwa zamu yake, mezani, wawili tu, na hakuna tena anayetia sahihi ya kupokea hewa. Jibu la afisa lilikuja kwa maandishi kabla ya mwezi kwisha, likiwa na neno moja la ziada mwishoni: pale kwenye mafanikio, ukurasa wa mbele, naomba mpafute.

Fundi akarudi kwa Bi Mkubwa. Kinyozi akarudi stesheni, lakini siku ya kuaga alimletea bibi mkebe wa mafuta ya nywele, na Bi Mkubwa, aliyemsema vile, aliupaka wote kwa wiki moja. Vidonge vikatoka dirishani vikaingia tumboni.

Ila Jumamosi, kumbuka, ni ya familia. Na Bi Mkubwa ana mtoto. Sheria ni ya Mama Risiti mwenyewe, hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza alifunga ofisi, akavuka mji, akateka maji, akamwogesha mama yake, akakoroga uji. Mikono ilikuwa imesahau. Uji ukawa na mabonge.

"Kinyozi alikuwa anakoroga vizuri kuliko wewe," akasema Bi Mkubwa, akautafuna mpaka mwisho. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kipande cha karatasi na kalamu, akaviweka magotini kwa mwanawe.

"Cha nini, mama?"

"Tia sahihi. Umekuja, umefanya kazi, umepokea sifuri. Wakaguzi wanataka."

Mama Risiti alicheka kidogo. Akaishika ile kalamu, akiwaza foleni, na mwanamke mwenye sindano kolani akiinama kuandika jina lake mbele ya watu. Akatia sahihi. Kisha akamshika mama yake miguu, akauficha uso kwenye khanga yake, akasema nisamehe.

"Mimi hukunikosea," akasema Bi Mkubwa, akampapasa kichwa. "Gonga ukuta huo, umwambie mwenyewe."

Mama Risiti akanyanyuka, akagonga.